Ujumbe wa kukosa kikao: kwa nini bosi alijibu "Sawa" tu?

SWALI: Habari za kazi, dada. Mimi ni mtunza ghala. Jumanne nilikosa kikao cha idara. Mwaliko ulisema 10:00, nami kwenye daftari nikaandika saa kumi. Nimerudi kutoka chakula cha mchana, saa saba, naona wenzangu wanatoka na makaratasi. Jioni nikamtumia mkuu wa idara ujumbe huu: "Shikamoo Mama. Naomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Kutokana na changamoto ya muda iliyokuwepo kwenye mwaliko, sikuweza kuhudhuria kikao. Naomba unifahamishe yaliyojadiliwa ili niende sawa na wenzangu." Akajibu "Sawa", na tangu siku hiyo ananiongelesha kwa kifupi. Nilikuwa nitoe ripoti ya ghala. Nilikosea wapi, na bado naweza kurekebisha?

JIBU: Ndugu yangu, nimekaa upande wa katibu wa vikao kwa zaidi ya miaka 15, kwa hiyo ujumbe wako nimeusoma kama anavyousoma mtu mwenye muhtasari mbele yake. Adabu haikukosekana. Umesalimia vizuri na radhi umeomba. Tatizo ni kwamba ukiusoma mwanzo hadi mwisho humkuti mtu aliyekosea.

Angalia "usumbufu uliojitokeza". Usumbufu huo umejitokeza wenyewe, kama mvua. Halafu inakuja "changamoto ya muda iliyokuwepo kwenye mwaliko". Na mwaliko ameuandika nani? Ama Mama mwenyewe, ama katibu aliyeagizwa naye. Bila kukusudia umemwambia kwamba kosa liko kwenye karatasi yake, wakati wenzako wote waliisoma karatasi hiyohiyo wakafika saa nne asubuhi. Neno kisingizio limetoka kwenye kusingizia, yaani kumbebesha mwingine jambo ambalo si lake. Hiyo ndiyo njia yangu ya kupima: kama sababu ninayoitoa inamwangukia mtu au kitu kingine, hata kwa upole, hicho ni kisingizio. Kama inaniangukia mimi, ni sababu.

Kisha kuna "sikuweza kuhudhuria". Hapa wengi wanateleza kwa kuwa tunadhani ni namna ya heshima ya kusema "sikuhudhuria". Asiyeweza ni yule aliyekuwa na homa kali, au aliyekwama barabarani daraja limefunikwa na maji. Wewe ulikuwa ghalani, hatua chache kutoka chumba cha kikao, na kama ungejua saa ungefika. Mama anajua ulikuwepo kazini siku hiyo. Akisoma "sikuweza", anaona neno lisilolingana na anachokijua, na kuanzia hapo kila kinachofuata anakipokea kwa mashaka. Andika "sikuhudhuria". Ndiyo kweli yenyewe.

Sentensi yako ya mwisho ndiyo nadhani iliyomchosha zaidi. "Naomba unifahamishe yaliyojadiliwa" maana yake unamwomba mkuu wa idara, aliyekwisha kuongoza kikao, akifanye upya kwa ajili yako peke yako. Yaliyojadiliwa yako kwa katibu, na kuyafuata ni kazi ya aliyekosa. Katibu anayaandika kwenye muhtasari, au kumbukumbu kama wanavyosema Kenya, na hata kabla hajauchapa, rasimu yake ya mkono unaweza kuisoma kwa robo saa. Mtu akinijia siku ileile na daftari lake, akasema "Dada, nilikosa kikao, naomba nisome ulichoandika," namsogezea kiti.

Sasa tuangalie kilichotokea ndani ya chumba wewe ukiwa haupo, maana ujumbe mzuri unajibu hicho. Muhtasari una sehemu ya waliohudhuria, halafu wasiohudhuria, na hao mara nyingi tunawagawa: wasiohudhuria kwa udhuru na wasiohudhuria bila taarifa. Udhuru unatolewa kabla ya kikao kufunguliwa. Jina lako siku hiyo liliingia kundi la pili, na ujumbe wa jioni haulihamishi. Ndiyo maana usiandike kana kwamba unaomba udhuru baada ya kikao kufungwa. Sema wazi kwamba hukutoa taarifa.

Tena, kama ripoti ya ghala ilikuwa kwenye agenda, huenda chini ya agenda hiyo kuna mstari kama huu: "Iliahirishwa kwa kuwa mhusika hakuwepo." Nimewahi kuandika mstari wa namna hiyo siku ambayo wenzetu wawili walikuwa wamesafiri kutoka wilayani kuja kusikiliza takwimu za vifaa tu. Walifunga mafaili yao wakarudi kupanda basi. Aliyekosa kikao alimwomba mkuu radhi vizuri kabisa, lakini wale wawili hakuwaambia neno. Kikao kilichofuata walimwuliza maswali makali kuliko takwimu zenyewe zilivyostahili.

Kwa hiyo ujumbe wa Jumanne ungeweza kuwa hivi:

"Shikamoo Mama. Leo sikuhudhuria kikao cha idara cha saa 4:00 asubuhi, na sikutoa taarifa. Mwaliko ulisema 10:00, nami niliandika saa kumi kwenye daftari langu bila kuhakikisha. Kosa ni langu na naomba radhi. Ripoti ya ghala niliyotakiwa kuwasilisha nimeiambatisha. Yaliyojadiliwa nitayasoma kwa katibu kabla ya kutoka leo, na kama kuna jambo limeahirishwa kwa sababu yangu, niko tayari kulieleza kesho saa 2:30 asubuhi au muda mwingine utakaoupanga."

Ukiondoa salamu, ni sentensi tano. Tendo limetangulia sababu, kwa kuwa msomaji anataka kwanza kujua unaongelea nini. Sababu imepewa sentensi moja, na kila kitenzi cha kosa ndani yake ni chako: niliandika, bila kuhakikisha. Ukiongeza sentensi ya pili ya sababu, kwamba simu ilikuwa kimya, kwamba siku hiyo mzigo uliingia ghalani, zote zinaweza kuwa kweli tupu, lakini msomaji anaanza kuzipima moja moja badala ya kukuelewa. Radhi nayo imeombwa mara moja. Ukiirudia mara tatu, unamlazimisha Mama aache kazi zake akubembeleze.

Sehemu ya kufidia ndiyo ninayotaka uiangalie kwa makini. Kuna kitu kimoja kilichokwisha kufanyika, yaani ripoti imeambatishwa. Kuna kimoja unachokifanya mwenyewe bila kumsumbua mtu mkubwa, kusoma rasimu ya katibu. Na kuna kimoja kinachomhitaji yeye, ila umemwekea saa ya kujibu kwa neno moja. "Niko tayari wakati wowote" inasikika kama unyenyekevu, kumbe inamwachia yeye kazi ya kupanga. Na usiahidi saa ambayo hutaitimiza. Kama ripoti haijakamilika, andika "nitaituma kesho kabla ya saa 6:00 mchana," kisha ifike kabla ya hapo.

Ungetuma wapi? Kwa Mama peke yake kwanza, kwa njia ambayo mwaliko ulikuja: kama ulikuja kwa barua pepe, jibu juu ya barua hiyohiyo ili vikae pamoja. Kwenye kundi la wasapu la idara tuma sentensi mbili tu kama wenzako walikaa wakikusubiri: "Ndugu zangu, leo sikufika kikaoni na agenda ya ghala ikakwama. Kosa ni langu, naomba radhi; ripoti hii hapa." Kama hakuna kilichokwama, kundi liache. Ungetuma lini? Saa saba ileile ulipowaona wenzako wanatoka. Kila saa inayopita hadi jioni, Mama anajiuliza kama umeona au umepuuza.

Sababu inapokuwa ya nyumbani, kanuni ni ileile ila maelezo yanapungua. "Nilimpeleka mtoto hospitali usiku na sikukumbuka kutoa taarifa" inatosha kabisa. Majibu ya vipimo ni ya familia. Kukosekana hapo hakukuwa kosa, kutotoa taarifa ndiko unakokuombea radhi. Na kama ulisahau, andika "nilisahau". Watu wanaliogopa neno hilo, lakini mimi sijaona mkuu aliyelikasirikia mara ya kwanza.

Sasa kurekebisha. Usitume upya ujumbe mrefu wa kujieleza. Nenda kwa katibu usome muhtasari, hakikisha ripoti iko mkononi, kisha mfuate Mama asubuhi kabla hajaanza kupokea watu. Akiwa na nafasi, mwambie kwa mdomo, akiwa amebanwa, mwandikie: "Shikamoo Mama. Ujumbe wangu wa Jumanne haukueleza jambo lilivyokuwa. Mwaliko ulikuwa sahihi, mimi ndiye niliyeandika saa vibaya, na naomba radhi. Muhtasari nimeusoma na ripoti ya ghala nimeiambatisha." Hiyo sentensi ya mwaliko kuwa sahihi ndiyo anayokudai, yeye na katibu wake pia. Ukipita kwa katibu, mwambie hivyo hivyo. Kisha kikao kijacho, mkifika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, agenda ya ghala itaitwa. Simama uwasilishe ripoti, bila kurudi tena kwenye habari ya saa.

Na kwenye daftari lako, usihamishe saa peke yake. Mwaliko ukisema 10:00, nakili 10:00 kama ilivyo, kando yake uandike kwa maneno "saa nne asubuhi". Kilichokuponza ni kuandika "saa kumi" bila asubuhi wala jioni. Ungelazimika kuongeza neno hilo, ungeandika "saa kumi jioni" na mkono ungesita, maana sidhani kama idara yenu hufungua kikao saa hizo. Mkiwa na wenzenu wa Bujumbura au Lubumbashi kwenye simu, ongeza na jina la mji, kwa kuwa wao wako nyuma yetu kwa saa moja.