Kalori za baga na chipsi kwa kutazama picha

"Baga ya nyama mbili, chipsi za kati na vifuko viwili vya mayonezi: ni kalori ngapi?"

Ninakadiria 970, pungufu au zaidi kwa 150. Mkate ni kama 150, vipande viwili vyembamba vya nyama 180, jibini 50, na mayonezi inayochuruzika ukingoni, takriban kijiko kimoja cha chakula, 100. Chipsi, nikizichukulia kuwa gramu 115, ni karibu 350, na vifuko viwili, kama vyote vimeliwa, 140. Ndugu aliyejibu swali hili kabla yangu amesema kweli kwamba letusi na nyanya haziongezi kitu, lakini mayonezi hakuihesabu kabisa. Soda iliyo pichani nimeiacha, kwa kuwa kikombe hakionyeshi kama ina sukari. Ikiwa ni kola ya kawaida, nusu lita huongeza takriban 210.