Kuthibitisha akaunti ya gemu ni yako: anza na risiti ya kwanza kabisa

"Wakuu, akaunti yangu ya gemu ya simu imeibiwa, barua pepe na neno la siri vimebadilishwa. Watoa huduma wanataka ushahidi kuwa ni yangu. Niwape nini? Natumia Android."

Mkuu, picha za leveli na silaha zako hazitakusaidia, maana hata mwizi sasa hivi anaziona. Akaunti ya mdogo wangu ilirudi kwa kitu ambacho mwizi haoni akiwa ndani ya gemu: namba ya oda.

Kila ukinunua kitu kwa Google Play, unatumiwa risiti yenye namba inayoanza na GPA. Namba hiyohiyo inafika kwa wenye gemu, nao huweza kuilinganisha na akaunti iliyopokea mzigo. Fungua Gmail iliyofanya manunuzi, utafute hivi:

```
in:anywhere from:googleplay-noreply@google.com GPA
```

Shuka hadi risiti ya zamani kuliko zote. Ya juzi ina nguvu ndogo, kwa sababu mwizi naye anaweza kununua almasi leo akapata ya kwake. Ya miaka 3 nyuma hawezi kuitengeneza. Sisi tulituma ya kwanza na moja ya katikati, tukaandika namba kama maandishi ili waweze kuzikopi bila kuhangaika, kisha tukaambatanisha picha.

Kama ulinunua kwa wakala wa mtaani au tovuti ya kuuza almasi, GPA hutaikuta. Meseji ya pesa za simu inaonyesha tu kuwa ulimlipa wakala, haisemi mzigo uliingia akaunti gani. Itume kama nyongeza, pamoja na ID ya mchezaji uliyompa wakala.

Tafuta pia barua pepe ya kukaribishwa au ya kuthibitisha usajili. Usiifowadi tu, ibaki kwenye boksi, wanaweza kukuomba uwaandikie kutoka anwani hiyohiyo.

Upande wa simu, ingia takeout.google.com, chagua Google Play Store peke yake. Ndani ya faili la Installs.json kuna `firstInstallationTime` na modeli ya simu. Saa zake zenye herufi Z mwishoni ni za UTC, kwa hiyo ongeza 3 kupata za kwetu. Mdogo wangu alikuwa anakumbuka simu ya pili tu. Faili likatuonyesha ile ya kwanza, iliyokwishauzwa zamani. Tukaziandika zote mbili kwa mpangilio, pamoja na mji aliokuwa anachezea. Usibuni tarehe: ukiwa na mwezi tu, andika mwezi.

Namba za GPA usizibandike hapa wala kwenye magrupu, mwingine atazitumia kudai akaunti kabla yako. Na usiombe kurudishiwa pesa za manunuzi hayo kesi ikiwa wazi. Gemu nyingi hufunga akaunti ambayo malipo yake yamerudishwa.