Barua kwa Mwanangu: Wakili wa Nini?

"Mama, mwezi ujao nafungua ofisi, na kila mtu ananiuliza nitakuwa wakili wa nini. Nikichagua jambo moja naogopa kufa njaa. Nikisema nafanya yote, nani atanikumbuka?"

Mwanangu,

Kabla hujamlipa mtu akuchoree nembo, chukua daftari. Andika kazi zote ulizoshika mwenyewe tangu uanze uwakili. Majina ya wateja yaache, hayo si yako kutoka nayo. Kwa kila kazi andika mambo mawili: siku ya kwanza mteja alisema nini kwa maneno yake, na nani alimwelekeza kwako.

Kwa jinsi unavyonisimulia kazi zako, nadhani daftari litajaa wabia waliokorofishana. Wawili wameanzisha kampuni, kila mmoja ana nusu ya hisa, na sasa mmoja anatoa fedha bila kumwambia mwenzake. Angalia basi walivyosema. Sidhani kama kuna aliyeketi mbele yako akasema ana mgogoro wa wanahisa. Alisema, "Mwenzangu ananizunguka." Hapo ndipo pa kuanzia. "Sheria ya kampuni" ni jina la somo la chuoni. Mwenye shida hajui kama linamhusu. Lakini ukisema, "Nawasaidia wabia kuachana bila kuiua biashara," mtu analibeba na kumfikishia mwingine. Lijaribu kwa shangazi yako, ambaye hana habari na sheria. Mwambie leo, kisha wiki ijayo muulize unafanya kazi gani. Akijibu "mambo ya mahakamani," rudi ukaliandike upya.

Safu ya pili ya daftari huwa watu hawaiangalii, nayo ndiyo inayoleta wateja. Ugomvi wa wabia, mhasibu huuona mapema kuliko wakili. Yeye ndiye anayekuta matumizi ya nyumbani kwa mmoja yameingizwa kwenye vitabu vya kampuni, au hesabu za mwaka zimekaa bila saini kwa sababu mmoja amegoma. Kwa hiyo usihangaike kujulikana na mji mzima. Wahasibu 5 au 6 wanaojua vizuri unachofanya watakutosha kuanzia. Waandikie ukurasa mmoja: dalili za ubia unaovunjika, na nyaraka za kukusanya mapema, yaani katiba ya kampuni, makubaliano ya wanahisa kama yapo, rejista ya wanahisa na mihtasari ya vikao. Kamisheni usiwaahidi. Kanuni za maadili za mawakili sehemu nyingi zinakataza kumlipa mtu kwa kukuletea mteja. Neno "bingwa" nalo usilichapishe popote kabla hujasoma kanuni za chama chenu kuhusu matangazo.

Sasa nikuambie kilichonipata mimi, maana jina la namna hii lina mtego wake. Nilipoanza, mtu alinipigia jioni moja nikamsikiliza kama dakika 40. Akanieleza mpaka mpango wake wa kuwahamisha wateja kabla mbia wake hajashtuka. Kazi hakunipa. Wiki iliyofuata akaja mwanamke na mafaili yake na ada mkononi. Kumbe ndiye huyo mbia. Nilimkataa, na sababu sikuweza kumwambia, kwa kuwa siri ya yule wa kwanza nilikuwa nayo hata kama hakuwahi kunilipa. Mama yule aliondoka akiamini nimemdharau.

Ukijulikana kwa wabia, pande zote mbili zitakutafuta wewe. Kwa hiyo anayepokea simu ofisini aulize majina kwanza: kampuni, wabia wote, wakurugenzi. Ayatafute kwenye orodha yenu ya wateja na ya waliowahi kupiga simu. Yakiwa safi, ndipo hadithi isikilizwe. Na wakija wawili wanaocheka pamoja, wanataka uwaandikie makubaliano, waandikie kwanza barua inayosema mteja wako ni nani kati yao, au ni kampuni yenyewe. Wakigombana baadaye, barua hiyo ndiyo itakayoulizwa.

Njaa unayoiogopa naielewa. Kibao kikiwa na sentensi moja, mlango haujafungwa kwa wosia na mikataba ya pango. Kazi unazozimudu zipokee tu, maana kodi ya ofisi haingoji wabia wagombane. Ila kila mteja mpya muulize aliambiwa nini juu yako, uandike maneno yenyewe. Mwaka mzima ukipita na jibu bado ni "niliambiwa wewe ni wakili mzuri," sentensi yako haijashika na itabidi uibadilishe. Anayesema "niliambiwa unawaachanisha wabia," huyo umtafutie nani alimwambia, umpigie simu ya asante.

Jumapili njoo na daftari. Mimi nitasoma ile safu ya pili.

Mama yako