Kinjikitile Alinyongwa Lini?

*Swali la juma: Je, kuna faida yoyote ya kumkaririsha mwanafunzi tarehe za historia?*

Mhariri, nimeona wasomaji wenzangu wanagawanyika kati ya ndiyo na hapana. Linalonisumbua mimi ni jambo la jirani na hilo: jinsi mwanafunzi anavyoweza kushika mfuatano wa matukio, yaani kipi kilitangulia na kwa nini hakikuweza kuja baadaye. Nilipokuwa shuleni nilijua kwamba Vita vya Majimaji vilikuwa 1905 hadi 1907, nikapata alama zangu, na sikujua kitu kingine chochote kuhusu miaka hiyo miwili.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, aliye kidato cha pili, alikuja kukaa kwangu likizo nzima, nami nikamkuta katika hali ile ile. Tulinunua karatasi moja ya manila, tukaikata kadi 9, na nikamwandikia matukio ya vita hiyo. Sikuandika vichwa vya habari kama «Sababu za Vita». Kila kadi ilibeba sentensi yenye mtendaji na kitendo: serikali ya Wajerumani inaanza kutoza kodi ya nyumba; maakida, yaani watawala wadogo waliowekwa na Wajerumani, wanawalazimisha watu kulima shamba la pamba la pamoja; mganga Kinjikitile Ngwale anaanza kugawa huko Ngarambe maji ya dawa yanayoaminiwa kuzuia risasi; Wamatumbi wanang'oa pamba Nandete; Kinjikitile ananyongwa Mohoro; wapiganaji wanaishambulia boma ya Mahenge; Wangoni wanaingia vitani; majeshi ya Wajerumani yanachoma vijiji na maghala ya chakula; viongozi wa Wangoni wananyongwa Songea. Nyuma ya kila kadi tuliacha mistari miwili, mmoja unaoanza na «Isingewezekana bila» na mwingine «Wahusika bado hawajui». Tarehe niliziandika kwa penseli pembeni, kisha nikazifunika kwa kipande cha karatasi.

Nilichanganya kadi, nikamwambia azipange juu ya mkeka. Alizipanga vizuri mpaka pamba ya Nandete, kisha akaichukua kadi ya kunyongwa kwa Kinjikitile na kuiweka mwisho kabisa, baada ya Songea. Nilimwuliza sababu, akanijibu bila kusita: «Mjomba, huyu ndiye aliyekuwa kiongozi. Angekufa mapema, nani angeendelea kupigana?» Nikamwambia afunue penseli. Pamba iling'olewa mwishoni mwa Julai 1905, na Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti, siku chache tu baadaye. Mahenge ilishambuliwa tarehe 30 Agosti. Wangoni waliingia Septemba.

Alinyamaza muda mrefu, akazitazama kadi nne zilizobaki upande wa kulia wa ile ya Mohoro, halafu akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza katika miaka yangu yote ya shule: «Sasa maji yaliwafikiaje Wangoni, kama mwenyewe alikwisha kufa?» Ndipo tukalazimika kukata kadi ya 10, ya wajumbe walioitwa hongo, waliotembea kutoka nchi moja hadi nyingine wakigawa maji na kuwaapisha watu, na hatukujua tuiweke wapi, kwa sababu kazi yao ilianza kabla ya Nandete na ikaendelea baada ya Mohoro. Tulishinda juu ya kadi hiyo moja mpaka dada yake akaja kutuita chakulani. Mwishowe tuliirefusha kwa gundi ikawa ukanda, tukaulaza chini ya kadi nyingine.

Ukanda huo ulitufunulia kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimepanga kuongeza kadi ya njaa mwishoni, kama vitabu vingi vinavyoitaja katika orodha ya matokeo. Lakini njaa haikusubiri vita iishe. Kuanzia Oktoba 1905 Gavana Götzen alituma vikosi kusini, na kuharibu chakula ikawa namna ya kupigana: mashamba na maghala yalichomwa ili wapiganaji wakose cha kula, na waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Kadi moja iliyowekwa mwisho ingemfundisha mtoto kwamba njaa ilikuja baada ya vita kama mvua inavyokuja baada ya mawingu. Kwa hiyo njaa nayo ikawa ukanda, unaoanzia chini ya kadi ya kuchomwa vijiji na kupita chini ya kadi ya Songea.

Kwa anayetaka kujaribu, dalili ya kwamba kadi hazifanyi kazi ni rahisi kuiona. Chukua kadi mbili zinazofuatana, zibadilishe nafasi, kisha mwulize mwanafunzi ni kitu gani kimeharibika. Akisema tu «umekosea», amekariri mpango wa mkeka. Binti yetu siku ya tatu alikuwa akiitambua kadi ya Mahenge kwa pembe yake iliyokunjika, nami nikalazimika kuziandika zote upya, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Vilevile angalieni maneno ya nyuma ya kadi. Mwanzoni niliandika «Ilisababishwa na», nikayafuta, kwa kuwa kodi ya nyumba ilianza 1898 na ilitozwa pia kwa watu ambao hawakuinuka. Wahehe, waliokwisha kupigana na Wajerumani miaka ya 1890, hawakujiunga na Majimaji. Kusema kwamba jambo lisingewezekana bila jingine si kusema kwamba lilikuwa halina budi kutokea.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kumalizia kwa kusema kwamba tarehe ziachwe kabisa. Sasa naona siwezi. Sababu peke yake iliweza kumwonyesha yule mtoto kwamba pamba ililimwa kabla ya kung'olewa. Haikuweza kumwonyesha kwamba Kinjikitile alikufa kabla ya Mahenge. Sababu yake ilikuwa nzuri, tena yenye akili, na ilimpeleka mahali pasipo. Kilichomrekebisha ni namba mbili zilizoandikwa kwa penseli. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba tarehe zikaririwe, ila ni zile tu ambazo bila hizo mtu mwenye fikra timamu angepanga vibaya. Katika vita hii mimi nazihesabu tatu: 4 Agosti na 30 Agosti 1905, na 27 Februari 1906, siku ya Songea, ambayo hii ya mwisho naitetea kwa sababu nyingine, kwamba watu wa huko wanaikumbuka kila mwaka na mgeni hana budi kujua wanakumbuka nini. Mwalimu wa Kilwa au wa Mahenge huenda akachagua nyingine, na atakuwa na haki. Wala sisemi kwamba njia hii inamfaa mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani; mimi nilikuwa na mmoja, na likizo nzima.

Kuhusu 1907, mwaka nilioukariri utotoni kuliko yote, tulibishana. Yeye alitaka ukanda wa njaa ukatwe hapo. Nilimwuliza, mwanamke wa Umatumbi aliyezika watoto angejuaje kwamba mwaka umeandikwa kuwa wa mwisho. Tuliuacha ukanda haujakatwa, na sehemu iliyozidi inaning'inia nje ya mkeka.