Kabla hujamwandikia mstaafu kuhusu makato

Vijana wa kaunta, juzi nimekamata barua mezani: "Agizo lako la kudumu halikutekelezwa kutokana na upungufu wa salio." Mtu wa kupelekewa ni bibi wa miaka sabini. Nimeizuia, kwa sababu barua kama hiyo niliwahi kuiandika mimi.

1. Fungua taarifa ya akaunti uone pensheni huingia lini. Mwaka wangu wa kwanza hapa Mbeya, mwalimu mstaafu wa Tukuyu aliomba standingi oda: shilingi 60,000 kila tarehe 25, kwenda shule ya mjukuu wake. Alikuwa na dairekti debiti ya bima pia, 15,000, ambayo kampuni huivuta tarehe 26. Nikajaza 25 kama alivyosema. Kumbe pensheni yake ilikuwa inaingia 27, na ningeiona kwa kufunua ukurasa mmoja tu.

Tarehe 25 akaunti ilikuwa na 40,000, oda ikakwama. Kesho yake bima wakavuta chao bila shida. Pensheni ilipoingia, siku ya oda ilikuwa imeshapita. Oda ilijaribiwa siku ile moja tu. Mtoto akarudishwa nyumbani, nami nikatuma barua yangu nzuri.

Alikuja na mvua, mwamvuli unachuruzika kwenye sakafu, akaiweka barua mbele yangu. "Mwanangu, benki imeniagiza nini?" Alidhani "agizo lako" ni agizo alilopewa yeye. Nikaeleza. Akauliza tena: "Sasa mbona bima mmewapa, mjukuu wangu mmemnyima?" Nikaanza kuongelea mfumo. Jamani, msimweleze mwalimu mstaafu habari za mfumo. Alitoa kalamu kwenye mkoba, akapiga mstari chini ya "halikutekelezwa", akasema, "Nani hakutekeleza?" Foleni nzima ilikuwa inasikiliza.

2. Andika nani anamwamuru nani. Barua ya pili niliandika hivi:

"Shikamoo Mama. Standingi oda ni amri yako kwetu: kila tarehe 28 tutoe 60,000, tupeleke shule. Kiasi na siku unapanga wewe, na ukitaka kubadilisha unakuja kwetu. Dairekti debiti ni ruhusa uliyowapa watu wa bima waje kuchukua wenyewe kwenye akaunti yako. Siku wanaomba wao, na ada yao ikipanda, kiasi nacho kinaweza kupanda, kwa masharti uliyosaini. Tarehe 25 hela haikutosha 60,000, lakini tarehe 26 ilitosha 15,000. Ndiyo maana bima walipata na shule ikakosa."

Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne.

3. Akitaka kuacha bima, mwambie aandikie benki na kampuni pia. Sisi tukifunga mlango peke yetu, mkataba wake unabaki hai na wao watamdai.

4. Usimpangie mteja tarehe 29, 30 wala 31. Februari itawaumbua.