Kwa nini majibu yenu ya riaksheni hayafanani wakati fomula ni moja: usiraundi kabla ya kutoa

Hii naiandika kwa ajili ya wanaosoma stetiki sa hivi, hasa wale wa mwaka wa kwanza na wa pili, maana kuna kitu kilinitesa muhula mzima mpaka nikakaa chini nikakifuatilia hatua kwa hatua na kikokotoo mkononi.

Tulikuwa watu watatu kwenye grupu la kujisomea. Swali lilikuwa la bimu ya balkoni: sapoti A, sapoti B mita 4.2 mbele yake, halafu bimu inaendelea kupita B kama kantileva ya mita 2.7 mpaka C, na pale C kwenye ncha kuna ukuta wa tofali umekaa. Tafuta riaksheni ya A. Mmoja akapata 0.36 kN, mwingine 0.19, mi nikapata 0.23. Tukabishana karibu saa nzima nani kakosea fomula, tukabadilishana madaftari, na kumbe fomula zote tatu ni zilezile, mistari ile ile, alama za jumlisha na toa ziko sawa. Tofauti ilikuwa ni wapi kila mtu kakata desimali.

Twende nayo taratibu. Slabu ina unene wa 0.15 m na bimu inabeba upana wa 2.35 m, zege tunalihesabu 24 kN/m³, kwa hiyo slabu inatoa 8.46 kN/m. Bimu yenyewe chini ya slabu ni 0.23 kwa 0.30, hiyo ni 1.656 kN/m. Jumla w = 10.116 kN/m urefu wote. Ukuta pale ncha una unene 0.15, kimo 2.7, urefu 2.35, na tofali tulipewa 20 kN/m³, unapata P = 19.035 kN. Chukua momenti kuzunguka B:

```
R_A × 4.2 = w × 4.2²/2 − w × 2.7²/2 − P × 2.7
          = 89.22312 − 36.87282 − 51.3945
          = 0.9558
R_A       = 0.2276 kN
```

Angalia vizuri huo mstari wa pili. Sehemu ya kati ya A na B inavuta upande mmoja kwa 89.2, kantileva na ukuta wake vinavuta upande wa pili kwa 88.3, na kinachobaki baada ya kutoa hakifiki hata 1. Hapo ndipo kila kitu kinaharibika. Ukizidisha au kugawanya namba zilizoraundiwa kosa linabaki dogo, asilimia kidogo tu, linasafiri na wewe bila kelele. Ukitoa namba mbili zinazokaribiana, zile tarakimu za mbele zinafutana zote, 89 inaondoka na 88, na unachobaki nacho ni zile tarakimu za mwisho, yaani zilezile ulizokuwa umezikata ukidhani hazina kazi.

Jamaa wa 0.36 alikuwa anaacha desimali moja kila hatua. 8.46 ikawa 8.5, 1.656 ikawa 1.7, w ikawa 10.2. Kosa la w hapo halifiki asilimia 1, ukiliangalia peke yake hakuna mtu angelilalamikia. Lakini mwisho wa safari, pamoja na P iliyokatwa ikawa 19.0, jibu limeongezeka kwa zaidi ya nusu. Yule wa 0.19 alikuwa mwangalifu zaidi, anaraundi kwa tarakimu tatu za maana kila hatua kama tulivyofundishwa sekondari, na bado kakosa kwa asilimia 16.

Sasa kuna namna ya kujua mapema swali lako ni la hatari kiasi gani, na ndiyo naitumia mpaka leo. Chukua namba kubwa kuliko zote kwenye ule mstari wa kutoa, igawanye kwa kilichobaki. Hapa ni 89.2 gawanya kwa 0.956, unapata kama 93. Maana yake kosa lolote la asilimia 0.1 kwenye ile namba kubwa linakuwa kosa la asilimia 9 hivi kwenye jibu. Na kwa sababu 93 iko karibu na 100, umepoteza tarakimu mbili za maana kwenye kutoa kumoja. Ukitaka jibu la tarakimu tatu basi lazima uingie kwenye kutoa na angalau tano, na mi naongeza moja ya akiba kwa sababu nilijaribu na tano kamili nikapata 0.227 badala ya 0.228, tarakimu ya mwisho bado inayumba. Na sita ikatulia. Kama huo mgao ungetoka 2 au 3, wala usingehitaji kuhangaika, tarakimu nne za kati zinatosha kabisa.

Kwa vitendo nafanya hivi. Naandika herufi mpaka mwisho, w inabaki w, P inabaki P, naweka namba mara moja tu kwenye mstari wa mwisho. Kama swali ni refu na lazima nipate namba njiani, naihifadhi kwenye memori ya kikokotoo, w naiweka A kwa `STO`, P naiweka B, halafu kwenye karatasi naandika 10.12 ili msahihishaji asome, lakini hesabu inayofuata inaita A, sio 10.12. Hii ya kuandika namba fupi kwenye karatasi na kutumia namba ndefu kwenye kikokotoo ndiyo iliyonibadilishia alama zangu, kwa sababu kosa letu wengi ni kuisoma karatasi tena na kuipiga upya.

Halafu mambo ya nyuzi. Kwenye kenchi watu wengi wanakimbilia tan kinyume wanapata pembe, wanairaundi, halafu wanatafuta sin ya pembe iliyoraundiwa. Usifanye hivyo kama una vipimo. Mfano mshikizo unaopanda 0.35 m kwenye umbali wa 2.4 m, pembe yake ni nyuzi 8.3 hivi, mtu anaandika 8. Nguvu unaipata kwa kugawanya kwa sin, na kwa kuandika 8 umeshaikuza kwa karibu asilimia 4 kabla hata hujafika jointi ya pili. Tafuta urefu wa mshikizo kwa Pitagorasi, tumia 0.35 juu ya huo urefu moja kwa moja, pembe wala huihitaji popote. Pembe zikiwa ndogo ndiyo inauma zaidi.

Kitu kingine kinachowachanganya wadau ni ile 2 ya chini ya wL²/2. Kuna mtu aliwahi kuniambia jibu linatakiwa liwe na tarakimu moja ya maana kwa sababu 2 ina tarakimu moja. Hapana, hiyo 2 haikupimwa na mtu, ni kamili, haikati chochote. Na baada ya kutoa usihesabu tena tarakimu za maana, hesabu nafasi za desimali. Ukiwa na jumla ya mizigo 88.8 na R_B 88.6, zote tarakimu tatu safi, tofauti yake ni 0.2, tarakimu moja tu, na ukiandika 0.200 unamdanganya anayesoma.

Kwenye kuandika jibu la mwisho nafuata tarakimu tatu, isipokuwa namba ikianza na 1 naweka nne. Sababu ni rahisi: ukiraundi na kupata 9.98 kosa lako la juu ni asilimia 0.05, lakini ukiraundi na kupata 1.04 kosa linaweza kufika karibu asilimia 0.5, mara kumi, wakati zote zina tarakimu tatu. 1.044 inakurudisha kwenye usahihi uleule.

Sasa hapa nataka usome taratibu, maana ndipo na mi nilichelewa kuelewa. Tulikuwa tunajipima kwa kujumlisha nguvu za wima. Jamaa wa 0.36 alipima: R_B yake aliipata kwa momenti kuzunguka A, 89.03, ukijumlisha na 0.36 unapata 89.39, na mizigo yake jumla 89.38. Inafunga vizuri kabisa! Na jibu bado ni baya. Kwa sababu alikata desimali kwenye mzigo, mwanzoni kabisa, kwa hiyo hesabu zote zilizofuata zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe juu ya mzigo ambao sio wa swali. Kufunga kwa jumla kunakuonyesha kosa la alama au momenti iliyosahaulika, hakukuonyeshi kosa la kuraundi lililoingia juu. Na kama R_A uliipata kwa kutoa R_B kutoka kwenye jumla, hapo hujapima kitu, lazima ifunge tu. Dawa niliyoipata ni kurudia hesabu nzima na desimali mbili zaidi kuanzia mzigo: jibu likitulia, sawa, likihama, ulikuwa unakata mapema.

Na hata likitulia, 0.2276 ya nini? Nilipoipeleka ile hesabu kwa mwalimu wetu wa warsha, mzee aliyesimamia majengo miaka mingi, hakuangalia desimali zangu hata kidogo. Akaniuliza, "Kijana, huo ukuta umepigwa plasta?" Swali halikusema. Akaniambia weka milimita 15 kila upande. Nikaweka kwa uzito uleule wa 20 kN/m³, ukuta ukaongezeka 3.807 kN, momenti ya ziada ikawa 10.28, na R_A ikageuka kuwa −2.2 kN. Yaani bimu pale A inataka kunyanyuka kutoka kwenye sapoti, na kilichoigeuza ni plasta.

Kwa hiyo ule mgao wa 93 una kazi mbili. Kwenye karatasi ya mtihani unakuambia ubebe tarakimu ngapi, maana pale 24 na 2.35 ni kamili kwa sababu swali limesema hivyo. Kwenye jengo la kweli unakuambia kwamba hakuna idadi ya desimali itakayokuokoa, kwa sababu fundi hamwagi slabu ya 0.15000 m. Kwa msimbo wa Ulaya wa EN 1990, unapochunguza uthabiti, thamani zinazopendekezwa ni kupunguza mzigo wa kudumu unaokusaidia kwa 0.9 na kukuza unaokuangusha kwa 1.1. Nikafanya hivyo kwa bimu yetu, hata bila plasta: 0.9 ya 89.22 toa 1.1 ya 88.27, gawanya kwa 4.2, inatoka −4.0 kN. Angalia pia kwamba hapo mgao wa kubwa kwa tofauti umeshuka hadi chini ya 6, yaani hili jibu la −4.0 linavumilia kuraundi bila shida yoyote.

Siku hizi swali la namna hii nikilikuta kwenye kazi naandika hivi mwishoni: R_A = 0.228 kN kwenda juu kwa mizigo iliyotolewa, mgao 93, ichukuliwe kama sifuri, nondo za A zishushwe kwenye nguzo na zihesabiwe kwa mvuto wa angalau 4.0 kN, plasta ikiwepo hesabu irudiwe.