Stimu ya dakika ya tatu haitoki kwenye chupa

Kazi yangu ni kusherehesha: harusi, send-ofu, kipaimara, wakati mwingine mkutano wa kampuni. Wasanii na ma-MC wengi ninaowajua hawashiki maiki bila "kitu kidogo" cha kuondoa aibu, na mimi pia nilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Kilichonifanya nianze kuchunguza habari hii ni muda. Nilikuwa nikipiga funda mbili tatu za jini nyuma ya jukwaa, na kabla DJ hajamaliza wimbo wa kuingilia maharusi, ulimi ulikuwa umeshalegea na vichekesho vinakuja vyenyewe.

Hesabu hiyo haikubali. Pombe inapita tumboni, inaingia kwenye utumbo mwembamba, ndipo inachukuliwa na damu kwa wingi. Hata kwa mwenye tumbo tupu, kilevi kwenye damu hufika kilele baada ya kama nusu saa hadi saa nzima, na aliyekula pilau huchelewa zaidi. Dakika tatu baada ya funda la kwanza, kilichomo kwenye damu ni kidogo mno kumgeuza mtu mwenye haya kuwa msemaji. Sasa ule uchangamfu ulitoka wapi?

Swali hilo lilijibiwa Marekani miaka ya sabini, na njia iliyotumika inastahili kuelezwa taratibu, maana ushauri wangu wote umejengwa juu yake. Majaribio ya kawaida ya plasebo huwa na makundi mawili, dawa na kitu kinachofanana na dawa. Mwanasaikolojia Alan Marlatt na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 1973, waliweka makundi manne. Kundi la kwanza liliambiwa linakunywa vodka na toniki, na kweli likapewa. La pili liliambiwa ni vodka, likapewa toniki tupu. La tatu liliambiwa ni toniki tupu, lakini ndani kulikuwa na vodka. La nne liliambiwa toniki na likapewa toniki. Kwa mpangilio huo unaweza kutenganisha kazi ya kilevi chenyewe na kazi ya kuamini kwamba umekunywa kilevi.

Ugumu uko kwenye ladha. Walipojaribu vipimo waligundua kwamba ukichanganya sehemu moja ya vodka kwa tano za toniki, ikiwa baridi, watu hawatofautishi zaidi ya kubahatisha. Katika tafiti za aina hii chupa ya vodka hujazwa toniki iliyokwisha gesi, mnywaji akaona inamiminwa mbele ya macho yake. Mdomo wa glasi hupakwa vodka kidogo ili pua nayo idanganyike. Marlatt baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, alikuwa na maabara iliyojengwa kama baa kabisa, ina kaunta, viti virefu na taa hafifu. Alijua kwamba chumba cheupe cha hospitali kingeharibu kipimo.

Kwenye utafiti wa 1973 washiriki waliambiwa kazi yao ni kulinganisha ladha za vinywaji, wanywe kiasi chochote wanachotaka. Nusu yao walikuwa wanywaji wa kawaida, nusu walikuwa walevi waliobobea. Wakati ule wengi waliamini kwamba mlevi akionja tone moja tu, kemia ya mwili inamshika na hawezi kuacha. Haikuwa hivyo. Walioambiwa ni vodka walikunywa zaidi sana, kwa walevi ni karibu mara mbili ya wenzao, hata kama kwenye glasi mlikuwa na toniki tupu. Na waliokuwa wakinywa vodka wakidhani ni toniki walikunywa kama watu wanaokunywa toniki.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Jaribio hilo halisemi uteja wa pombe ni mawazo. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miaka akikata ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuweweseka na hata kufa, na hilo halihusiani na imani yake. Mtu wa namna hiyo aache chini ya uangalizi wa daktari, asifuate makala ya MC.

Miaka miwili baadaye, 1975, Marlatt na watafiti wengine walitumia mpangilio uleule kuchunguza ukali. Wanaume walipewa nafasi ya kumwadhibu mtu mwingine kwa shoti za umeme (mtu huyo alikuwa mwigizaji tu, na baadhi ya washiriki alikuwa amewatukana kwanza). Walioamini wamekunywa pombe walichagua shoti kali zaidi, wawe wameinywa kweli au la. Kilevi chenyewe hakikuongeza ukali. Ila kilifanya jambo moja ambalo imani haikuweza kulifanya: kilichelewesha mikono yao. Waliokunywa vodka walikuwa wazito kuitikia, hata wale waliodhani wanakunywa toniki.

Huo ndio mpaka ninaotaka uushike. Tafiti nyingi zilizofuata ziliuthibitisha kwa jumla, ingawa si kwa kila kipengele: mizani ya mwili, kasi ya kuitikia na kumbukumbu vinafuata kilichomo kwenye chupa, ilhali ujasiri, utani na kujiachia vinafuata kwa sehemu kubwa unachoamini kuhusu chupa. Ndiyo maana mtu akikuambia "ni pombe ile ilinipigisha mke wangu", unaweza kumjibu kwamba kwenye jaribio lile la 1975 pombe bila imani haikuongeza ukali.

Kuna mpaka mwingine, wa kipimo. Udanganyifu huu unawezekana kwa dozi ndogo na ya kati tu. Ukimpa mtu vodka nyingi ukamwambia ni toniki, atahisi ulimi mzito na kizunguzungu, atakukamata. Ukimpa toniki glasi sita ukamwambia ni vodka, mwishowe atashangaa mbona haji kulewa. Kwa hiyo yote ninayosema yanahusu ile bia ya kwanza na ya pili, au toti mbili tatu. Kwa mtu aliyezima mezani hakuna cha imani pale.

Mimi nililifanyia kazi hivi. Kuna mhudumu wa kaunta ninayefanya naye kazi mara kwa mara, nikamwomba awe ananiandalia glasi yangu mwenyewe: barafu, toniki, kipande cha ndimu, na jini aweke au asiweke anavyotaka, kidogo kwa toniki nyingi, asiniambie mpaka sherehe iishe. Mimi niliandika kwenye karatasi ya ratiba, pembeni ya "kukata keki", kama nadhani imo au haimo. Kubahatisha kulinishinda kabisa. Siku ambazo ukumbi ulikuwa umechangamka, kamati imekaa mbele na shangazi wanapiga vigelegele, niliandika "imo", na mara nyingi haikuwemo. Ukumbi ukipoa, wageni wamechelewa na umeme unakatika, nikaandika "haimo" hata ilipokuwemo.

Ukitaka kujaribu, fanya kwa ridhaa yako na mtu unayemwamini, siku usiyoendesha gari, na kama hutumii dawa zinazogombana na pombe. Usimfanyie mwingine kwa siri. Kumwekea mtu kilevi bila kujua ni hatari kwa mwenye dawa za usingizi au kifafa, na kwa asiyekunywa kwa sababu ya dini ni dhuluma.

Siku hizi naagiza toniki na ndimu nikijua kabisa haina kitu. Utasema basi imani imekufa. Haifi yote, kwa sababu sehemu nyingine ya imani iko kwa watu wengine. Wakiniona na glasi ile wananichukulia kama mtu aliyekwisha kuanza: wananitania, wanacheka mapema, na mimi napanda nao. Kama unapunguza pombe, basi raundi yako ya kwanza ndiyo iwe tupu, maana hiyo ndiyo raundi ambayo mazingira yanakufanyia kazi bure. Wengi wanafanya kinyume, wanaanza na bia wakitarajia kumalizia na soda, na ile ya kumalizia haiji.

Mazingira yanafanya kazi upande wa pili pia, na upande huo unaua. Shepard Siegel wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, alionyesha kwamba sehemu ya usugu wa mwili kwa dawa imefungwa mahali. Katika jaribio la 1982, panya waliozoeshwa heroini kidogo kidogo walipewa dozi kubwa. Waliopewa mahali walipozoea, walikufa asilimia 32. Waliopewa dozi hiyohiyo mahali pageni, walikufa asilimia 64. Ambao hawakuwahi kuizoea walikufa karibu wote. Mwili hujifunza dalili za mahali, ukaanza kujikinga kabla dozi haijaingia. Dalili zikikosekana, kinga haiji kwa wakati. Mwenye ndugu aliyetoka sober-house au gerezani alijue hili: kipimo alichokizoea zamani, akikitumia baada ya kupumzika na mahali papya, si kipimo kile tena.

Kwa pombe kitu hicho kimeonekana kwa njia nyepesi. Wanywaji waliopewa kilevi kwenye kinywaji cha ajabu, cha rangi ya buluu na ladha ya pipamenti, walivurugika zaidi kuliko walipopewa kiasi kilekile ndani ya bia. Kwa hiyo ukiwa ugenini na umepewa kokteli usiyoijua, usijipime kwa idadi uliyoizoea baa ya mtaani kwenu.

Nimeacha kundi la tatu mpaka hapa kwa makusudi, wale waliokuwa na vodka mwilini wakidhani ni toniki. Hao walijiona wazima, na mikono yao ilikuwa mizito. Hisia ya "niko sawa" inatengenezwa kichwani kama stimu inavyotengenezwa, hivyo usiiulize kama unaweza kuendesha. Hesabu badala yake. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za kilevi. Mwili wa kawaida huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, yaani bia moja inahitaji saa mbili hadi tatu. Uliyeanza saa 2 usiku ukanywa tatu, kilevi kitakwisha kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri. Supu, kahawa na maji ya baridi usoni vitakufanya ujisikie umeamka, na ini litaendelea na mwendo wake uleule.